Kufunga bei ya dola benki: ni kinga au ni kamari? Kisa cha mchele wetu

bintiwaghala

Asalaam aleikum wanajukwaa. Sisi ni waagizaji wa mchele kutoka Pakistani, ghala letu liko Shimanzi, Mombasa, na mambo ya benki na vitabu niko nayo mimi tangu baba aanze kupumzika. Tuna shehena ya dola 60,000 inayotakiwa kulipwa siku 90 baada ya meli kuondoka Karachi. Benki imeniambia naweza kufunga bei leo: nasaini kwamba siku ya malipo nitanunua dola 60,000 kwa shilingi 131.50, dola ipande ishuke. Bei ya leo ni 129.50.

Baba hataki kusikia. Januari 2024, dola ilipopita 160, alisaini mkataba wa aina hiihii wa dola 40,000 kwa 163, malipo yakiwa mwisho wa Machi. Machi ilipofika dola imeshaporomoka hadi karibu 132. Mkataba ni mkataba, akalipa 163. Tofauti ni shilingi 31 kwa kila dola, yaani shilingi 1,240,000, na mchele wenyewe akauza kwa bei ya chini kwa sababu waliolipa baadaye walilipa nafuu. Tangu hapo anasema ile ilikuwa kamari tu na benki ndiyo iliyokula.

Swali langu ni hili. Karatasi ni ileile na maneno ni yaleyale. Nitajuaje kama ninachosaini ni kinga au kamari?

kipimo_kilindini

Wa aleikum salaam dada. Jibu ni fupi. Wewe una deni la dola, kwa hiyo ukifunga bei umejikinga, na usipofunga ndiyo unacheza kamari, kwa sababu umeacha biashara yako mikononi mwa soko. Chukulia kama bima ya gari. Mzee wako alilipa bima na ajali haikutokea, basi. Funga zote 60,000 ulale usingizi.

chati_usiku

Mimi nanunua na kuuza sarafu kwenye simu, mwaka wa pili sasa, na nawaambia hakuna tofauti yoyote. Kinga, kamari, ni majina tu. Ukisoma chati vizuri unapata. Dada, kwa nini ukafunge bei benki kwa 131.50 na dola imekaa hapohapo miezi yote hii? Kwa dola 1,000 ya dhamana unaweza kushika dola 100,000 na ukatoka siku yoyote unayotaka.

mzee_wa_hazina

Nimefanya kazi dawati la fedha za kigeni benki kwa muda mrefu kabla sijastaafu, na nimeuza mikataba hii kwa watu wengi wa mji huu, wenye mchele, wenye vigae, wenye magari. Wacha niseme kidogo.

Kijana wa chati, umesema kweli moja kubwa: mkataba haujui nia ya anayeushika. Ukinunua dola 60,000 za siku 90 kwa 131.50, na binti huyu akanunua zilezile, benki itaandika tarakimu zilezile, na dola ikifika 145 kila mmoja wenu atapata 13.50 kwa kila dola juu ya mkataba ule. Hadi hapo tuko pamoja. Lakini binti siku hiyo ana deni ambalo limepanda kwa kiasi kilekile. Alichopata huku amekipoteza kule, na mfuko wake umebaki palepale. Wewe huna cha kupoteza kule, kwa hiyo wako umejaa. Dola ikishuka hadi 120 mambo yanageuka: yeye anapata hasara kwenye mkataba na nafuu kwenye deni, wewe unapata hasara peke yake. Na kwa dhamana yako ya 1,000 juu ya 100,000, soko likienda kinyume chako kwa asilimia moja tu, dhamana imekwisha. Huna nafasi hata ya kusubiri kuona kama ulikuwa sahihi.

Kwa hiyo, dada, ukiusoma mkataba peke yake hutaona jibu. Jibu liko katika kile kilichosimama nyuma yake.

Ndugu Kipimo, mfano wako wa bima unapotosha. Bima unalipa kidogo, ajali isipotokea gari lako na thamani yake vimebaki kwako. Huu mkataba wa kufunga bei hauna ada unayolipa mwanzo, lakini unakunyima pia nafuu ya dola kushuka. Kuna mkataba mwingine unaofanana na bima kweli, unaokupa haki ya kununua kwa bei fulani bila kukulazimisha, na huo unaulipia mapema, wala si rahisi. Wengi wakisikia bei yake wanarudi kwenye huu wa bure, kisha dola ikishuka wanalalamika kana kwamba walikuwa wamenunua ule.

kipimo_kilindini

Mzee, la bima nimelielewa, nalirudisha. Ila nashikilia kwamba asiyefunga anacheza kamari. Na hebu tuambie, ile 131.50 wameipata wapi? Dola iko 129.50. Si benki inabashiri itapanda?

mzee_wa_hazina

Haibashiri, na hili watu wengi hawaliamini hata ukiwaeleza mara tatu. Benki ikikuuzia dola za siku 90, mara nyingi inanunua dola hizo leo na kuziweka. Imetoa shilingi ambazo zingezaa riba ya shilingi, imeshika dola zinazozaa riba ya dola, ambayo ni ndogo. Ile tofauti ya riba ndiyo inayoongezwa kwenye bei. Tuseme riba ya shilingi ni asilimia 9 kwa mwaka na ya dola ni 4.5. Kwa robo mwaka, 129.50 inakuwa kama 130.94. Kilichobaki hadi 131.50 ni faida ya benki, na hapo, dada, una nafasi ya kubishana nao. Ulizia benki ya pili, utaona wataishusha.

Ndiyo maana Januari 2024 mkataba wa miezi michache uliuzwa juu ya bei ya siku ile, na dola ikaanguka vilevile. Februari serikali ikauza hati mpya za deni za dola bilioni 1.5 nje, ikanunua sehemu kubwa ya lile deni la bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, hofu ya kushindwa kulipa ikaisha, na waliokuwa wamezificha dola wakazitoa. Bei ya mbele haikuwa imesema lolote juu ya hayo.

nyumba_za_diani

Samahani kuingilia. Mimi nina nyumba za wageni Diani, mawakala wa Ulaya wananilipa kwa dola miezi miwili baada ya mgeni kuondoka. Mfanyakazi wa benki alinieleza mkataba huuhuu wa kununua dola mbele na nikavutiwa, maana dola ikipanda nitapata. Nisaini?

mzee_wa_hazina

Usisaini, bwana. Wewe dola ikipanda tayari umepata, kwa sababu unalipwa dola na mishahara, umeme na samaki wa jikoni unalipa kwa shilingi. Hatari yako ni dola kushuka. Ukinunua dola mbele umeongeza mzigo upande uleule uliokwisha kuelemea. Mkataba unaomkinga binti wa mchele ukiuhamishia kwako unakuwa kubashiri, na kubashiri kwa mara mbili. Wako ni wa kuuza dola mbele.

Tena tazama jambo la kupendeza hapa. Wewe unauza dola za miezi miwili, yeye ananunua, benki iko katikati. Mkataba mmoja, pande mbili, na wote wawili mmepunguza hatari. Hakuna aliyemla mwenzake. Shida ni kwamba wenye kununua dola nchini petu kwa kawaida ni wengi kuliko wenye kuuza, na tarehe zenu hazilingani, basi lazima apatikane mtu wa kubeba pengo, kwa malipo. Wabashiri wana kazi yao sokoni kwa sababu hiyo, sipendi watu wawatukane wote kwa jumla.

bintiwaghala

Ahsante mzee. Sasa nirudi kwa baba. Yeye alikuwa na deni la dola kweli, la dola 40,000, na mkataba wa dola 40,000, tarehe zikilingana. Kwa maelezo yako ile ilikuwa kinga. Mbona iliumiza vile?

mzee_wa_hazina

Hapo ndipo penye uzito wa swali lako, na ndipo ninapotofautiana na ndugu Kipimo. Niambie kwanza: mchele ule baba aliuza vipi? Kwa bei aliyokubaliana na mnunuzi mapema, au gunia kwa gunia kwa bei ya siku?

bintiwaghala

Wote kwa bei ya siku, wateja wa Kongowea na Mwembe Tayari. Hii ya sasa ni tofauti. Nusu, wa dola 30,000, umeshauzwa kwa mkataba wa shule na hoteli, kwa jumla ya shilingi 4,300,000, bei haibadiliki. Nusu nyingine itauzwa hapa ghalani.

mzee_wa_hazina

Basi twende taratibu. Chukua nusu ya kwanza. Umeahidi shilingi 4,300,000, hazipandi hazishuki. Ukifunga dola 30,000 kwa 131.50 utalipa shilingi 3,945,000, na unabaki na 355,000 za kulipia kazi nyingine na faida yako. Usipofunga na dola ikifika 145, mchele huo unakugharimu 4,350,000, umeshapoteza 50,000 kabla hujalipa lori. Dola ikishuka hadi 120 ungelipa 3,600,000 na kubaki na 700,000. Umeona mwanya ulivyo mpana, kutoka hasara ya 50,000 hadi 700,000, na ukifunga unajua ni 355,000 tu. Hiyo ni kinga safi, kwa sababu upande wa mauzo umesimama imara na upande wa gharama ndio uliokuwa ukiyumba.

Sasa nusu ya pili. Mchele huu karibu wote wa mji umetoka nje na umelipwa kwa dola. Dola ikipanda, gunia linapanda kwa kila mtu, labda si siku hiyohiyo na si kwa kiasi kilekile, lakini linapanda. Ikishuka, linashuka. Kwa hiyo gharama yako na mauzo yako vinayumba pamoja, na kwa kiasi fulani vinajikinga vyenyewe. Ukienda ukafunga upande mmoja tu, gharama, umeacha mauzo yayumbe peke yake. Dola ikipanda utavuna kuliko jirani, ikishuka utaumia kuliko jirani. Tayari umechukua msimamo juu ya dola, ingawa invoisi unayo mkononi na tarehe zinalingana siku kwa siku.

Ndilo lililompata mzee wako. Alipunguza hatari ya deni na akaongeza hatari ya biashara, bila mtu yeyote kumwambia, na benki nayo haikumuuliza anauza vipi. Haikuwa na sababu ya kumuuliza, yenyewe inaangalia kama ataweza kulipa.

kipimo_kilindini

Mzee siwezi kukubali hadi mwisho. Januari ile tulikuwa hapa bandarini. Watu walikuwa wanasema dola itafika 180, wengine 200. Ingefika 180, bei ya gunia isingepanda haraka hivyo, wateja wangekimbilia unga, na yeye deni lingemvunja. Mwenye mtaji mdogo hatizami faida ya wastani, anatizama asife. Kwake ile ilikuwa kinga hata kama anauza kwa bei ya siku.

mzee_wa_hazina

Umesema neno la maana na sitalipinga lote. Kama bei ya gunia inafuata dola kwa kuchelewa, basi kuna sehemu ambayo kweli haikujikinga, na sehemu hiyo inastahili kufungwa. Ni kiasi gani? Hapo hakuna fomula ya kutoka kwangu. Binti ana vitabu vya nyuma: aangalie 2023, dola ilipokuwa ikipanda mwezi baada ya mwezi, bei yake ya gunia ilipanda kiasi gani na baada ya wiki ngapi. Halafu aangalie ilivyoshuka baada ya Machi 2024. Pengine atakuta kufunga robo au theluthi ya nusu hiyo kunatosha.

Lakini nina swali kwa binti ambalo baba pekee ndiye anayelijua. Kabla ya Januari 2024 aliwahi kufunga bei?

bintiwaghala

Hapana. Ilikuwa mara ya kwanza.

mzee_wa_hazina

Mwenye kujikinga hufunga kwa utaratibu, dola ikiwa imetulia na ikiwa imechafuka. Anayefunga siku ile tu anapoamini itapanda, huyo uamuzi wake umetoka kwenye maoni juu ya bei. Simlaumu, hofu ilikuwa ya mji mzima. Nasema tu, siku uliyoamua kufunga, na sababu iliyokufanya ufunge, vinaonyesha mengi kuliko invoisi.

hesabu_safi

Nakagua vitabu vya kampuni, na hili la siku na sababu sisi tunalitaka kwa maandishi. Chini ya IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya kuandika mikataba ya fedha vitabuni, ukitaka mkataba uhesabiwe kama kinga vitabuni, lazima uandike mwanzoni unakinga nini, kiasi gani, hadi lini, na utapimaje kama unafanya kazi. Huwezi kusubiri uone matokeo ndipo useme. Usipoandika, mkataba unathaminiwa kwa bei ya soko kila unapofunga hesabu na tofauti inaingia moja kwa moja kwenye faida au hasara, hata kama malipo ni mwezi ujao. Dada, hata kama kampuni yenu ni ndogo na hamhitaji hayo yote, andika ukurasa mmoja siku ya kusaini. Nimeona ugomvi wa familia uliozimwa na ukurasa kama huo.

Kisa kimoja, bila majina. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameagiza mchele wa India, akafunga dola 30,000. Tarehe 20 Julai 2023 India ikapiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati. Shehena ikafa, deni halikuwepo tena, mkataba wa dola ukabaki. Hakuna herufi iliyobadilika kwenye karatasi, lakini kuanzia siku hiyo alikuwa mbashiri. Angeweza kwenda benki wiki hiyo akauza dola hizo za mbele na kumaliza. Hakwenda. Dola ikaendelea kupanda, akapata faida, na akafurahi. Mara iliyofuata alifunga dola 100,000 huku oda zake hazifiki hata 30,000, benki ikamkubalia kwa sababu ya rekodi nzuri. Februari 2024 ikamkuta nazo.

chati_usiku

Lakini huyo si alikosea tu muda wa kutoka? Angetoka Januari angekuwa tajiri.

hesabu_safi

Ndugu yangu, angetoka kwa ishara gani? Aliyekuwa na oda alijua siku ya kutoka: siku ya kulipa mchele. Huyu hakuwa na siku yoyote. Mimi ninapokagua, hilo ndilo ninalolitafuta kwanza: mikataba inayozidi oda, na mikataba inayosogezwa mbele kila ikifika tarehe yake.

mwanafunzi_wa_kibokoni

Naomba niguse upande ambao pengine ndio unaomsumbua baba zaidi. Kubadilishana sarafu katika sheria ya Kiislamu ni mkono kwa mkono, na kuuziana dola leo za kukabidhiana baada ya siku 90, pande zote zikiwa zimefungwa, wanazuoni wengi wanaukataa, hata kama nia ni kujikinga. Viwango vya AAOIFI, shirika linaloweka kanuni za benki za Kiislamu, vimesema hivyo. Kinachoruhusiwa humo ni ahadi ya upande mmoja: upande mmoja unaahidi, mwingine una hiari, na mauziano yenyewe yanafanyika siku ya malipo. Benki za Kiislamu hutumia njia hiyo. Kwa hiyo nia njema ya kinga haitoshi kuuhalalisha mkataba, dada, umbo lake pia linaangaliwa.

mzee_wa_hazina

Hilo nakuachieni wenye elimu yake. Kwa upande wangu naweza kusema tu kwamba ahadi ya upande mmoja nimeiona ikifanya kazi, na hesabu ya kiasi gani ufunge haibadiliki.

kipimo_kilindini

Wengine wanasema ahadi hiyo ikiwa lazima kwa mteja na benki nayo haiwezi kukataa, imekuwa kitu kilekile. Nimewasikia masheikh wawili wa mji huu wakitofautiana.

mwanafunzi_wa_kibokoni

Kweli wanatofautiana. Amuulize anayemwamini, akiwa na karatasi yenyewe mkononi.

bintiwaghala

Nimesoma yote, nimemsomea na baba. La fatwa atakwenda mwenyewe kuuliza. La kiasi tumekubaliana: tutaomba bei ya dola 30,000 za shule na hoteli kwanza, na nusu nyingine tutaangalia vitabu vya 2023. Maswali mawili ya mwisho. Ushuru je? Na meli ikichelewa?

mzee_wa_hazina

Ushuru umeuliza vizuri, wengi huusahau. KRA wanageuza thamani ya shehena kuwa shilingi kwa kiwango chao cha wakati ule, kwa hiyo dola ikipanda ushuru nao unapanda, na mkataba wako wa dola hauugusi. Kwa ule mchele wa bei isiyobadilika, hesabu ushuru wake ungekuwa kiasi gani kwa 131.50 na kiasi gani kwa 145. Kama tofauti inakutia hofu, ongeza kwenye kiasi unachofunga, lakini kumbuka ushuru unalipwa meli ikifika, mapema kuliko siku ya kumlipa muuzaji, hivyo uwe mkataba mdogo wa tarehe yake.

Meli kuchelewa si tatizo kama deni lako linahesabiwa tangu ilipoondoka Karachi, tarehe ya kulipa haisogei. Kama mmekubaliana kulipa mzigo ukifika, usichukue siku moja. Omba mkataba wenye dirisha, kwa mfano wiki mbili, unaokuruhusu kuchukua dola siku yoyote ndani yake. Bei itakuwa juu kidogo. Na ukilazimika kusogeza mkataba uliokwisha fika tarehe yake, waambie wakuandikie bei ya kumalizia mkataba wa zamani na bei ya kuanzia mpya, kila moja kwenye mstari wake, ulipe au upokee tofauti siku hiyohiyo. Wakikwambia tofauti wataichanganya kwenye bei mpya, kataa. Hapo ndipo hasara inapojificha, na miezi sita baadaye hutajua tena ni mchele upi unaokinga.